Naomba radhi: makala yangu ya vidonge vya majira na saratani ya matiti iliwapotosha. Marekebisho haya hapa

Kalamu_Butu (mtoa mada)

Wakuu, mimi ndiye niliyeandika ile makala yenye kichwa "Vidonge vya majira vinasababisha saratani ya matiti kwa asilimia 20". Wengi mmeiona, maana tangu Jumatatu ya wiki iliyopita inazunguka kwenye makundi ya watsapu pamoja na ile picha yenye maandishi mekundu. Makala iliwapotosha. Sitasema "huenda baadhi ya wasomaji hawakuelewa", kwa sababu walielewa vizuri tu kile nilichokiandika. Kilichoandikwa ndicho kibovu.

Nilishtuka Jumatano. Dada mmoja aliniandikia kwamba ameacha vidonge kwa kuwa "mwanamke mmoja kati ya watano anapata kansa". Nikataka kumjibu kwa ukali kwamba sikuandika hivyo. Nikafungua makala, nikaisoma kama mtu asiyeijua, na sikuona njia nyingine ya kuisoma.

Ukweli ni huu. Utafiti wenyewe ni wa Denmark, ulichapishwa Desemba 2017 katika New England Journal of Medicine. Uliwafuatilia wanawake wapatao milioni 1.8 wa miaka 15 hadi 49, kwa wastani wa karibu miaka 11. Wanaotumia njia za homoni, na walioziacha karibuni, walilinganishwa na wale ambao hawajawahi kuzitumia. Asilimia 20 imo kweli katika utafiti huo. Lakini ni asilimia 20 juu ya kiasi ambacho tayari ni kidogo, na hicho kiasi sikukitaja popote katika makala nzima.

Chukua wanawake 100,000 wasiotumia homoni, kaa nao mwaka mmoja. Watakaogundulika na saratani ya matiti ni 55. Chukua wengine 100,000 wanaotumia, mwaka huohuo mmoja. Watakaogundulika ni 68. Walioongezeka ni 13. Yaani mgonjwa 1 wa ziada kwa kila wanawake 7,690 hivi wanaotumia kwa mwaka mzima. Sasa rudi kwa yule dada: mmoja kati ya watano ni watu 20,000 katika hao 100,000. Penye 13, mimi nilimwonyesha 20,000. Na kwa walio chini ya miaka 35, ongezeko lilikuwa 2 kwa 100,000.

Kosa la pili ni neno "vinasababisha". Utafiti wa namna hii huwatazama watu wakiendelea na maisha yao, hauwagawii dawa kwa kura. Unaonyesha mambo mawili yanayoandamana. Kusema moja limelileta jingine kunahitaji zaidi ya hapo.

La tatu ni picha. Niliweka picha ya kitanzi cha shaba, kwa sababu ndiyo niliyoipata haraka. Kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe.

La nne ndilo linaloniumiza zaidi. Jumanne, baada ya msomaji mmoja kunikosoa, niliingia kimyakimya nikabadilisha "vinasababisha" kuwa "vinahusishwa na", nikatoka. Sikuandika popote kwamba nimebadilisha. Aliyesoma Jumatatu hakujua, na aliyekuja Jumatano akaniona msafi.

Nilichofanya hadi sasa: kichwa kimebadilika, kiungo kimebaki kilekile ili aliyekihifadhi akute marekebisho. Juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza, kuna sahihisho lenye tarehe linaloeleza nini kilikosewa, kilikaa siku ngapi, na namba sahihi ni zipi. Mabadiliko yangu ya Jumanne nayo nimeyaandika humo. Kitanzi nimekitoa.

Kuanzia sasa kuna mambo matatu nitakayoyafanya, na mnaweza kunishika shati nikiyakiuka. Kila nitakapoandika kwamba hatari imepanda au imeshuka kwa asilimia kadhaa, sentensi hiyohiyo itasema kutoka wangapi hadi wangapi, kati ya wangapi, kwa muda gani. Nisipozipata hizo namba, asilimia haiingii. Nitarekebisha herufi bila kutangaza, lakini chochote kinachogusa maana kitaandikwa chini ya makala kwa tarehe. Na makala yoyote inayoweza kumfanya mtu aanze au aache dawa haitoki kabla haijasomwa na mtu wa afya ambaye si rafiki yangu.

Niulizeni.

---

Njiwa77

Angalau umejitokeza. Wengi wangefuta na kuendelea na maisha.

---

Bila_Upande

Mtoa mada, unaomba radhi kwa hesabu halafu unakosea hesabu tena. 55 ukizidisha kwa 1.2 unapata 66. Wewe umeandika 68. Kutoka 55 hadi 68 ni karibu asilimia 24, si 20. Ni ipi tuishike?

---

Takwimu_Babu

Bila_Upande, jicho lako ni zuri, hitimisho ndilo lenye haraka. Hesabu yako ya kuzidisha ni sahihi. Ila 20 haikutoka kwa kugawanya 68 kwa 55. Ilitoka kwenye hesabu iliyosawazisha mambo kadhaa kwanza: umri, elimu, idadi ya watoto, saratani ya matiti au ya ovari katika familia, na mengine. Ukishasawazisha, uwiano husogea kidogo. Namba mbili zilizopita njia mbili usitegemee zikutane kwenye nukta moja. Zote mbili zimo katika taarifa za utafiti, na zote zinasimulia jambo lilelile.

Ila mtoa mada, kwa kuwa umesema tukuulize: uliposoma muhtasari wa ule utafiti, namba ya 13 kwa 100,000 na ya 7,690 zimo hapohapo. Hazikufichwa kwenye jedwali la ukurasa wa mwisho. Kwa nini ulizichukua za asilimia ukaziacha hizo?

---

Kalamu_Butu

Babu, sikuusoma muhtasari. Niliandika kutokana na habari ya mtu mwingine aliyeandika kuhusu utafiti, ambaye naye alitaja 20 tu. Hilo nilipaswa kuliweka kwenye uzi tangu mwanzo, nalo naliongeza kwenye sahihisho leo. Niliutaja utafiti kana kwamba niliushika mkononi.

---

Takwimu_Babu

Basi hapo ndipo ulipojikwaa. Hayo mengine ni kuanguka tu.

---

MamaWawili

Naomba nisaidiwe mimi, samahani kama si mahali pake. Mume wangu ndiye aliyeletewa ile picha nyekundu kazini. Nikaacha vidonge katikati ya pakiti, leo ni siku ya tisa. Tumekuwa pamoja mara mbili katika siku hizo. Sasa nasoma hapa kwamba ilikuwa chumvi. Nirudie palepale nilipoachia? Mama yangu hajawahi kuwa na saratani, ila shangazi upande wa baba alikuwa nayo.

---

Mkunga_Mstaafu

Mwanangu MamaWawili, hapa ni mahali pake kuliko pote. Usirudie palepale ulipoachia kana kwamba hukukatiza. Siku tisa bila kidonge maana yake hukuwa na kinga, kwa hiyo swali la kwanza ni kama una mimba. Kituo cha afya watakuuliza lini ilikuwa mara ya mwisho mlipokuwa pamoja. Kama ni ndani ya siku tano zilizopita kuna vidonge vya dharura, na kadiri unavyowahi ndivyo vinavyofaa, kwa hiyo usingoje Jumatatu. Kipimo cha mimba kinaaminika ukikifanya wiki 3 baada ya mara ya mwisho mliyokutana bila kinga. Kabla ya hapo kikisema huna, usikitegemee sana. Vidonge vyako vikiwa vile vya homoni mbili, siku 7 za kwanza baada ya kuanza upya tumieni kondomu. Lini hasa uanze watakwambia huko, maana dawa ya dharura uliyopewa inaweza kubadilisha siku.

Habari za shangazi waeleze. Peke yake haikufanyi uache, ila wataka kujua aliugua akiwa na umri gani.

---

MamaWawili

Asante bibi. Nakwenda leo jioni. Moyo umetulia kidogo, ila na hasira ninayo.

---

Kalamu_Butu

Dada MamaWawili, hasira hiyo ni haki yangu kuipokea. Sina neno la kuipunguza. Ukitaka chochote ninachoweza kufanya, niandikie kwa faragha.

---

Chuma_Chakavu

Kumbe ni hivyo? Basi vidonge ni salama kabisa, watu wa habari ndio waongo. Nimeshawatumia ndugu zangu wote kwamba saratani ni uzushi mtupu.

---

Takwimu_Babu

Hapana mkuu, umeruka kutoka ukingo mmoja wa mto hadi wa pili, na maji yako katikati. Ongezeko lipo. Ni dogo, lakini utafiti ulikuwa mkubwa kiasi cha kuliona. Na lilikua kwa muda: waliotumia chini ya mwaka mmoja hatari ilikuwa juu kwa asilimia 9, ambayo ilikuwa karibu mno na sifuri kuisemea kwa uhakika, na waliotumia zaidi ya miaka 10 ilikuwa juu kwa asilimia 38. Ndiyo, nimetumia asilimia, na mtoa mada anishike shati mimi kwanza. Zitieni kwenye wale 55 muone zinabadilika kuwa watu wangapi.

Vilevile utafiti haukuweza kupima kila kitu. Pombe haikuhesabiwa, kunyonyesha hakukuhesabiwa, mazoezi vilevile. Kama wanaotumia na wasiotumia wanatofautiana kwenye hayo, sehemu ya zile 13 inaweza kuwa yao. Kiasi gani, huwezi kusema kutokana na data hiyo. Tafadhali waandikie tena ndugu zako.

---

Chuma_Chakavu

Nimewaandikia. Mmoja ameniuliza nimelewa.

---

Shaba_Yangu

Mimi nina kitanzi cha shaba na nilishaweka miadi ya kukitoa kwa sababu ya picha ile. Yaani hakihusiki kabisa?

---

Mkunga_Mstaafu

Hakihusiki. Shaba inafanya kazi bila homoni. Kuna kitanzi kingine chenye homoni, umbo linafanana, na hicho kilikuwemo katika utafiti. Angalia kadi uliyopewa siku ya kuwekewa, imeandikwa aina. Kama ni shaba na hakikusumbui, piga simu ufute miadi.

---

Bila_Upande

Nimekubali hoja ya Babu kuhusu 66 na 68. Sasa swali kwa mtoa mada. Kichwa kipya kinasemaje? Maana ukiandika "Si kweli kwamba vidonge vinasababisha saratani kwa asilimia 20", mtu atakumbuka vidonge, saratani na 20. Hilo "si kweli" litapotelea njiani.

---

Kalamu_Butu

Kichwa kipya: "Vidonge vya majira na saratani ya matiti: wanawake 13 wa ziada kati ya 100,000 kwa mwaka". Nilijaribu kwanza kukiweka kwa kukanusha, mkunga mmoja niliyemwomba asome akaniambia hivyohivyo unavyosema. Namba ya zamani iko ndani ya sahihisho tu, kwa sababu bila kuitaja msomaji hatajua ni lipi ninalolirekebisha.

---

Fundi_Tovuti

Ongezeni na hili, maana naona mtoa mada anafikiri kubadilisha kichwa kwenye tovuti kunatosha. Mtu akituma kiungo watsapu, kile kijisanduku chenye kichwa na picha hutengenezwa wakati wa kutuma na kinabaki ndani ya ujumbe. Hata ukibadilisha `og:title` leo, jumbe zilizotumwa Jumatatu zitaendelea kuonyesha kichwa cha zamani na kitanzi chako cha shaba. Wanaobonyeza watakuta sahihisho. Wasiobonyeza, na hao ndio wengi, hawatakuta kitu. Na ile picha nyekundu haina hata kiungo.

---

Kalamu_Butu

Fundi, umenikamata. Picha nyekundu niliitengeneza mimi. Nimetengeneza nyingine, rangi ileile na mpangilio uleule ili mtu aitambue, juu imeandikwa SAHIHISHO, chini 55 na 68 kati ya 100,000. Nimeirudisha kwenye makundi sita niliyoituma mwanzo, na nimeomba kila aliyeisambaza aisambaze tena. Waliojibu ni wachache. Mmoja ameniambia ya kwanza ilikuwa "na moto" kuliko hii.

---

Njiwa77

Hiyo ya moto ndiyo tatizo lenyewe. Habari ya 13 kati ya 100,000 nani ataituma?

---

Kijana_wa_Maktaba

Haya si mageni. Uingereza, Oktoba 1995, mamlaka ilitoa onyo kwamba aina fulani ya vidonge huongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Mara mbili! Watu wakaacha. Ukifunua hiyo "mara mbili" unakuta ni kutoka kama mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Mwaka uliofuata utoaji mimba katika England na Wales uliongezeka, na makadirio yanayotajwa ni nyongeza ya kama 13,000. Na mimba yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko hivyo vidonge. Kwa hiyo onyo la kuwakinga wanawake liliwasukuma wengine kwenye hatari kubwa kuliko ile waliyoikimbia.

---

Mkunga_Mstaafu

Na ndiyo maana mimi, kama ningekuwa nimeombwa kusoma, ningeongeza kwenye sahihisho kwamba vidonge hivyohivyo vinahusishwa na kupungua kwa saratani ya ovari na ya mji wa mimba. Mtu anayepima aache au aendelee apewe pande zote mbili za mizani. Sahihisho linalosema tu "hatari ni ndogo kuliko nilivyosema" bado ni nusu.

---

Bila_Upande

Hapo sikubaliani na wewe bibi, kwa heshima. Sahihisho lirekebishe kilichokosewa. Ukianza kuingiza faida, msomaji ataona ni tangazo la vidonge lililovaa kanzu ya radhi. Faida ziandikiwe makala yake.

---

Mkunga_Mstaafu

Mwanangu, MamaWawili hatasoma makala ya pili.

---

Bila_Upande

Hilo nalo ni kweli. Bado sijashawishika.

---

Kalamu_Butu

Nimelala nalo na bado sijaamua. Kwa sasa sahihisho lina sentensi moja tu inayosema usiache wala usianze bila kuongea na mhudumu wa afya. Makala ya faida na hasara nitaiandika, na bibi Mkunga, kama utakubali, uisome kabla haijatoka.

---

Mkunga_Mstaafu

Nitaisoma. Nitakuwa mkali.

---

Mchana_Kweupe

Mimi naona mnambembeleza. Kwa nini makala haijafutwa? Kitu kibaya hutupwa, hakiwekewi bandeji juu.

---

Takwimu_Babu

Akiifuta, aliyeisoma Jumatatu akirudi atakuta ukurasa mtupu na atabaki na ile 20 kichwani. Ataweza hata kudhani imefutwa kwa sababu kuna wakubwa hawakutaka ijulikane. Iache na sahihisho juu yake. Ila ningetaka aya zilizokosewa zibaki zimepigwa mstari, si kuondolewa, ili tuone zilikuwaje.

---

Mchana_Kweupe

Na anayepiga picha ya skrini ya hizo aya akakata ule mstari?

---

Takwimu_Babu

Mstari umepita juu ya maneno yenyewe, ataukataje? Ila nimekuelewa, mwenye nia mbaya haishiwi mbinu.

---

Kalamu_Butu

Aya mbili zimepigwa mstari tangu jana usiku. Mchana_Kweupe, sikatai kubembelezwa, ila sijaomba. Kuhusu mhariri mwenzangu, tumekubaliana kwamba kila makala ya afya lazima kiungo cha utafiti wenyewe kiwemo kwenye rasimu, na yeye aufungue kabla ya kubonyeza chapisha. Asipoufungua, haichapishwi.

---

MamaWawili

Nimerudi kutoa taarifa. Nimekwenda jana jioni, nimepewa dawa ya dharura na nimepangiwa kipimo baada ya wiki 3. Kuhusu shangazi wameniuliza umri, sikujua, nimempigia baba. Alikuwa na miaka 71. Yule dada wa pale anasema mimi ni wa nne wiki hii niliyetaja ile picha.

---

Kalamu_Butu

Asante kwa kuturudishia habari, dada. Wa nne. Nimepiga simu kituo hicho leo kama ulivyonielekeza kwa faragha, nimewapelekea nakala za picha mpya wabandike mlangoni wakitaka. Wamekubali.

---

Fundi_Tovuti

Mtoa mada, nimetafuta makala yako sasa hivi. Kwenye matokeo ya utafutaji, chini ya kichwa kipya, maelezo mafupi bado yanasema "huongeza saratani kwa asilimia 20, wataalamu waonya". Uliisahau `meta description`.

---

Kalamu_Butu

Niliisahau. Nimeibadilisha dakika hii na nimeomba ukurasa usomwe upya na injini ya utafutaji, inaweza kuchukua siku kadhaa kuonekana. Nimeiongeza kwenye sahihisho kama kosa la tano, kwa tarehe ya leo.